Baharia amekaa vizuri pande mbili, mbona majirani zake hawajai?

"Nimepiga picha ya skrini ya chemshabongo ndogo ya gazeti, mistari mitano kwa safu saba. 1 Mlalo nimejaza TUMBAKU (Huvutwa, hunuswa, hutafunwa), 2 Wima MCHWA (Mdudu alaye mbao), 4 Wima UTAMU (Sifa ya asali). 5 Mlalo ni 'Aongozaye jahazi', nikaweka BAHARIA, na H na A zikakubali. Sasa 1 Wima (Ndege afugwaye hukaa humu) imeniletea T, kisha chumba kitupu, kisha B, na sipati kitu. Kuna nyingine ya wima inayoanza na A, 'Mali isiyohamishika', ila namba yake imefifia, sijui ni 3 au 8. Na 6 Mlalo picha imekata mwanzo wa kidokezo, naona 'cha uchoyo' tu. Fumbo lina kosa au ni mimi?"

Fumbo lako ni zima. Umeteleza mahali pamoja tu, pale 5 Mlalo. Lakini nikikutajia neno sasa hivi utalijaza, utalikunja gazeti, na wiki ijayo utarudi na T na B nyingine. Kwa hiyo twende taratibu, tuanzie kwenye picha yenyewe, maana nusu ya tabu yako imo kwenye picha wala haimo kwenye msamiati.

Jambo la kwanza, acha kulitatua fumbo juu ya simu. Chukua karatasi, uunakili mchoro herufi kwa herufi. Chumba kitupu kiandikie nukta, chumba cheusi kiandikie alama yoyote unayoipenda. Chako, jinsi ulivyonieleza, kinakuwa hivi:

```
T U M B A K U
. # C # . # T
B A H A R I A
. # W # . # M
. . A . . . U
```

Kazi hii inachukua dakika mbili na inaonekana ya kitoto, lakini ina sababu. Ukitazama picha, jicho lako linaona maneno uliyoyaandika, na neno ulilokwisha kuliandika huwa halishukiwi tena. Ukinakili chumba kimoja kimoja, unalazimika kuona herufi. Hapo hapo utahesabu pia: mistari mitano, safu saba, maneno ya mlalo yana vyumba saba, ya wima yana vitano. Watu wengi wanaolalamika kwamba neno haliingii walihesabu vibaya kwenye picha iliyopinda, wakatafuta neno la herufi sita wakati vyumba ni saba.

Sasa hiyo namba iliyofifia. Huna haja ya kuisoma, unaweza kuihesabu. Namba za chemshabongo hazipandwi ovyo. Mtungaji anaanza kona ya juu kushoto, anakwenda kulia mpaka mwisho wa mstari, anashuka mstari wa pili, kama mtu asomaye kitabu, na kila chumba kinachoanzisha neno anakipa namba inayofuata. Chumba kinaanzisha neno la mlalo kama kushoto kwake kuna ukingo au weusi na kulia kwake ni peupe. Kinaanzisha neno la wima kama juu yake kuna ukingo au weusi na chini yake ni peupe.

Tembea basi kwenye mstari wako wa juu. T ni 1, kwa sababu hapo linaanza neno la mlalo na la wima pia. U inayofuata haipati kitu: kushoto kwake kuna T, chini yake ni weusi. M ni 2. B imetoka patupu. A ni 3. K patupu, na U ya mwisho ni 4. Mstari wa pili haupati namba hata moja, kwa sababu vyumba vyake vyeupe viko katikati ya maneno ya wima. Mwanzo wa mstari wa tatu ni 5, mwanzo wa mstari wa tano ni 6, na hapo namba zimekwisha. Katika mchoro huu 8 haiwezi kuwepo. Uliyoiona ni 3, na "Mali isiyohamishika" ni 3 Wima.

Nikuongezee kidogo kuhusu herufi zinazodanganya kwenye picha. U na V hufanana, O na D hufanana, I na L hufanana, na G iliyofifia huonekana C. Kiswahili kina msaada wake hapa. Hatuandiki Q wala X katika maneno yetu ya kawaida, kwa hiyo ukiona kitu kama Q, itakuwa ni O yenye mkwaruzo. Na C haitembei peke yake, daima inafuatwa na H. Tazama MCHWA wako: baada ya C, chumba cha chini lazima kiwe H, hata kama hujui neno lenyewe ni lipi. Kumbuka hiyo H, tutaihitaji.

Tuje kwa BAHARIA. Wewe ulisema herufi mbili zimekubali, ukaridhika. Hapa ndipo wajazaji wengi huanguka, kwa kudhani kila herufi inayokubali ina uzito sawa. Haina. A ya mwisho haikuthibitishii karibu chochote. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika lugha yetu. Ukichukua jina lolote la mtu wa chomboni ukaliingiza pale, kuna uwezekano mzuri tu kwamba A itakaa. H ina uzito zaidi, kwa sababu si kila neno lina H katikati. Ila H yenyewe inasema "neno hili lina H chumba cha tatu", haisemi "neno hili ni BAHARIA". Hayo ni mambo mawili.

Ushahidi wa kweli unatoka kwenye makutano ambayo bado hayajajazwa, na wewe unayo mawili yanayopiga kelele. 1 Wima imekuwa T.B.. nayo ni makao ya ndege. Maneno ya umbo hilo yapo: TABIA, TOBOA, TIBUA. Hakuna hata moja ambalo ndege atalala ndani yake. 3 Wima imekuwa A.R.. nayo ni mali isiyohamishika. Hilo ni baya zaidi. R katika Kiswahili haipendi kutanguliwa na konsonanti, ila kwenye maneno machache tuliyoyakopa, kama amri na kadri. Kwa hiyo chumba cha pili kitataka irabu, na baada ya A kuweka irabu nyingine kabla ya R ni jambo adimu. Nimelizungusha kichwani, sikupata neno la kawaida la herufi tano.

Sasa, unapokuwa na maneno mawili yasiyojaa, usiyabadilishe hayo. Uliza: yanapita wapi pamoja? 1 Wima na 3 Wima zote mbili zinakatwa na 1 Mlalo, tena zote mbili zinakatwa na 5 Mlalo. (Zinakutana pia na 6 Mlalo, lakini hiyo bado ni tupu, haina lawama.) Washukiwa ni wawili basi, TUMBAKU na BAHARIA. TUMBAKU inashikiliwa na M ya MCHWA na U ya UTAMU, na kidokezo chake kina vitendo vitatu: kuvutwa, kunuswa, kutafunwa. Mimi sijui kitu kingine kinachofanyiwa yote matatu. BAHARIA inashikiliwa na H na A tu, na tumeshaona uzito wake.

Halafu rudi kwenye kidokezo na ukisome kama kilivyoandikwa, usikisome kama ulivyokikumbuka. "Aongozaye jahazi." Baharia ni mtu yeyote afanyaye kazi chomboni, anayevuta kamba na anayefua maji. Aongozaye ni mmoja tu. Nina hakika ulisoma neno "jahazi", kichwa kikaruka mpaka baharini, na baharia akawa wa kwanza kutokea. Mimi mwenyewe hutunga mafumbo haya, na nakuungamia kwamba mtego wa aina hii mara nyingine huwa hatukuutega. Maneno mawili ya jamaa moja yana urefu sawa na yanashirikiana herufi, basi, msomaji anaingia mwenyewe.

Futa BAHARIA, lakini H na A ziache, kwa sababu hizo ni mali ya MCHWA na UTAMU. Unabaki na hivi:

```
T U M B A K U
. # C # . # T
. . H . . . A
. # W # . # M
. . A . . . U
```

Usirukie 5 Mlalo moja kwa moja. Anza pale kidokezo kilipo wazi kuliko vingine, yaani 1 Wima. Ndege hukaa kwenye kiota, kwenye kizimba, au kwenye tundu. Kiota hujengwa na ndege mwenyewe, na kidokezo kimesema "afugwaye", kwa hiyo kinatoka hata kabla hatujahesabu herufi. Kizimba kina herufi saba na hakianzi kwa T. TUNDU lina tano na linaanza kwa T. Liandike kwa penseli. Sasa 5 Mlalo imepata N mwanzoni: N.H...A. Aongozaye jahazi, N, kisha kitu, kisha H. Ni NAHODHA, neno lililotufikia kutoka Kiajemi likiwa na maana ya bwana wa chombo. Vyumba saba, na A mwisho.

Angalia vizuri DH katika NAHODHA. Masikioni ni sauti moja, lakini kwenye chemshabongo hii inakaa vyumba viwili, D chumba cha tano na H chumba cha sita. Ndivyo ilivyokuwa kwa CH ya MCHWA pia. Ukizoea kuhesabu silabi kama shuleni utapotea: m-chwa ni silabi mbili, lakini ni vyumba vitano. Na neno kama NG'OMBE litachukua vyumba sita, kwa sababu ile alama ya juu haipewi chumba.

D ya NAHODHA inashuka ndani ya 3 Wima, ambayo sasa ni A.D.. na kidokezo ni mali isiyohamishika. ARDHI inaingia bila kusukumwa. Hapa ndipo penseli inapogeuka kalamu: TUNDU na ARDHI hazikutani popote zenyewe kwa zenyewe, zimetoka kwenye vidokezo visivyohusiana kabisa, na zote mbili zinalikubali neno NAHODHA kwa herufi ngumu, N na D. Huo ni ushahidi wa aina nyingine kabisa ukilinganisha na ile A uliyokuwa nayo.

Imebaki 6 Mlalo yenye kidokezo kilichokatwa, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu ya swali lako. Unaona "cha uchoyo". Hicho "cha" si bure. Ni kiunganishi cha ngeli ya ki-, kwa hiyo neno lililokatwa linaanza kwa ki- au ch-, na liko katika umoja. Vidokezo vya aina hiyo katika mafumbo yetu ni vichache: "Kinyume cha uchoyo", "Kisawe cha uchoyo", pengine "Chanzo cha uchoyo". Kinyume kinataka neno linalopingana nao, kisawe kinataka neno lenye maana ile ile. Ni tofauti kama usiku na mchana, na picha yako imeimeza.

Tujaze tulicho nacho. TUNDU limeshusha U chumba cha kwanza, MCHWA A chumba cha tatu, ARDHI I chumba cha tano, UTAMU U chumba cha saba: U.A.I.U. Hata bila TUNDU ungeweza kuikisia ile U ya kwanza. Uchoyo ni nomino ya dhahania yenye u-, na kinyume au kisawe cha nomino ya namna hiyo kwa kawaida nacho huanza kwa u-. Jibu hufuata umbo la kidokezo: kidokezo kikiwa kitenzi, tafuta kitenzi, kikiwa wingi, tafuta wingi.

Sasa jaribu jambo moja. Funika kwa kidole ile U ya mwisho, ubaki na U.A.I.. tu. Yanaingia UBAHILI, UKARIMU, UKATILI, UTAJIRI, UNAFIKI. Matano yote ni sifa au hali za watu, yote yana herufi saba. Na mawili ya mwanzo ndiyo hasa tunayoyatafuta: kama kidokezo kilikuwa "Kisawe cha uchoyo", jibu ni UBAHILI, kama kilikuwa "Kinyume cha uchoyo", jibu ni UKARIMU. Ondoa kidole. Herufi ya mwisho ni U, wala si I. UBAHILI imeanguka, na nyingine tatu zimeanguka nayo. Jibu ni UKARIMU, na kwa hiyo sehemu iliyokatwa ya kidokezo ilikuwa "Kinyume". Herufi moja ya makutano imekusomea neno ambalo picha haikulionyesha.

Lakini kuwa mkweli na nafsi yako kuhusu hiyo U, kwa sababu sasa imebeba mzigo mkubwa. Imetoka kwa UTAMU. Je, 4 Wima ingeweza kuwa neno lingine, U.A.., linaloishia kwa I? UKALI lipo, lina herufi tano, na A yake inakaa sawa sawa na ya NAHODHA. Ila ukali ni wa pilipili na wa jua. Sifa ya asali ni utamu, hapo sina wasiwasi. Kama kidokezo kingekuwa "Sifa ya siki", ningekuambia uandike UKARIMU kwa penseli kwanza.

Mchoro wako kamili:

```
T U M B A K U
U # C # R # T
N A H O D H A
D # W # H # M
U K A R I M U
```

Kama una kompyuta na faili la orodha ya maneno, neno moja kila mstari, unaweza kuiachia ile kazi ya kidole. Nukta inasimama badala ya herufi yoyote:

```
grep -ix 'u.a.i..' maneno.txt
```

Mimi huitumia ninapotunga, na ninapotatua huifungua nikiwa nimekwama kweli. Ina upungufu mmoja mkubwa kwa Kiswahili. Orodha nyingi hubeba maneno kama yalivyo kwenye kamusi, yaani umoja wa nomino na shina la kitenzi. Mtungaji akitaka VYUMBA au ALIPIKA, orodha itanyamaza, nawe utadhani neno halipo. Na yenyewe haisomi kidokezo: itakuletea UKATILI na UKARIMU kwa heshima ile ile.

Kuhusu picha zijazo, ukiwa na gazeti lenyewe kwenye simu, kuza ukurasa kwanza ndipo upige skrini, na upige picha mbili, moja ya mchoro, nyingine ya vidokezo kuanzia kichwa "Mlalo" mpaka mstari wa mwisho. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na namba ndogo za pembeni ndizo huumia mwanzo. Na mwambie gazeti ni la wapi. Fumbo la Nairobi linaweza kutaka TARAKILISHI mahali ambapo la Dar es Salaam lingetaka KOMPYUTA, na mtu anaweza kukesha bure.

Kuna siku kosa litakuwa la mtungaji kweli, au la aliyepanga kurasa. Dalili yake ni hii: makutano yote ya neno yana herufi ngumu kutoka vidokezo tofauti, kila moja una hakika nayo, umehesabu vyumba kwenye gazeti lenyewe na si kwenye picha, na bado hakuna neno. Hapo mpelekee ukurasa huo mtu mwingine anayependa mafumbo, umfunikie majibu yako, mkae naye pamoja aanze upya peke yake. Akikwama chumba kile kile ulichokwama wewe, kiache kitupu mpaka majibu yatoke kwenye toleo linalofuata.